"Anza tu, hatutashindwana": haki ya fundi aliyefanya kazi bila bei

Hotuba niliyoitoa Buguruni mbele ya mafundi ujenzi. Naiweka hapa yote kwa wale waliokuwa saiti wakaikosa.

Wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu, habari za jioni. Najua wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, naiona saruji bado iko kwenye viatu, kwa hiyo naingia kwenye jambo lililonileta.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani Kariakoo. Nikiwa darasa la sita alikuja mtu mmoja mwenye shule, akataka sare za watoto arobaini, na alizitaka haraka kwa sababu shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa. Baba akauliza bei itakuwaje. Yule bwana akamshika bega, akamwambia: "Fundi, wewe anza tu, hatutashindwana." Baba alishona siku kumi na moja, usiku kwa taa ya chemli. Sare zikachukuliwa, watoto wakazivaa. Malipo yaliyokuja hayakutosha hata kufidia nyuzi na vifungo. Baba alipofuatilia akaulizwa swali moja tu: "Mkataba uko wapi? Tulikubaliana shilingi ngapi?"

Baba akanyamaza. Alikufa akiamini kwamba kwa kuwa hakukuwa na bei, hakuwa na haki. Ndugu zangu, baba alikosea, na kukosea kwake ndiko kulikonipeleka kusomea sheria.

Nani hapa hajawahi kuambiwa "anza tu, hatutashindwana"? Naona mikono haipandi. Basi leo nataka tulijibu swali lile la yule bwana. Ikiwa hakukuwa na bei, je, fundi anadai nini?

Jibu la sheria ni kwamba anadai kadiri alivyostahili. Wanasheria wana jina la Kilatini kwa jambo hili, kwantamu meruiti, na maana yake ndiyo hiyo hiyo: kadiri alivyostahili. Jina mnaweza kulisahau. Msilisahau hili: kutokuwepo kwa bei hakufuti deni, kunabadilisha tu namna ya kulipima.

Tunayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ilitungwa Tanganyika mwaka 1961, na maneno yake mengi yalichukuliwa kutoka sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872. Ndani yake kuna kifungu cha 70. Nawaeleza kwa maneno yangu: mtu akimfanyia mwenzake jambo kwa njia halali, au akampelekea kitu, bila nia ya kumpa bure, na yule mwenzake akanufaika nalo, basi aliyenufaika anawajibika kumfidia aliyefanya, au kurudisha alichopewa.

Sikilizeni vizuri. Kifungu hakisemi "kama mliandikiana". Hakisemi "kama mlitaja bei". Kinauliza mambo matatu. Kazi ilikuwa halali? Ilifanywa bila nia ya kutoa bure? Na yule mtu amenufaika?

La kwanza silizungumzii sana, maana kupiga plasta si haramu. Lakini mtu aliyekodiwa kuchimba kisima ndani ya kiwanja alichojua kimeporwa asitegemee kifungu hiki.

La pili ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu sisi ni watu wa kusaidiana. Shemeji anakuita umtazamie bomba linalovuja, unakwenda, unalifunga, unakunywa chai, unaondoka. Miezi sita baadaye mmegombana, unataka kumdai. Hakimu atauliza: siku ile ulikusudia kulipwa? Ukiwa hukutaja pesa, hukuomba hata nauli, na miezi sita ulikaa kimya, mazingira yenyewe yanasema ulitoa msaada. Huwezi kuugeuza msaada kuwa deni baada ya ugomvi. Lakini mtu asiyekufahamu akikupigia simu kwa kuwa amepewa namba yako kwamba wewe ni fundi, hapo hakuna anayeweza kudhani umekuja kutoa sadaka.

La tatu ni kunufaika, na hapa kuna jambo la ndani kidogo. Mnawajua vijana wanaofuta vioo vya magari kwenye mataa. Gari limesimama, dereva hajaomba, kioo kimeshapakwa sabuni. Kioo kimekuwa safi, ni kweli. Je, dereva anadaiwa? Hapana, kwa sababu hakupata nafasi ya kukataa. Kunufaika kunakozungumzwa na sheria ni kule kwa mtu aliyeagiza, au aliyeona kazi ikifanywa, angeweza kusema "acha", akaiacha iendelee na kisha akaitumia.

Hili liliamuliwa vizuri India, kwenye kesi ya jimbo la Bengali Magharibi dhidi ya B.K. Mondal, iliyoripotiwa mwaka 1962. Maamuzi ya India si amri kwa mahakama zetu, lakini kwa kuwa kifungu ni kilekile, yanasikilizwa. Mkandarasi aliombwa na maofisa wa serikali ajenge mabanda ya kuhifadhia bidhaa, pamoja na barabara ya udongo. Alijenga, serikali ikaingiza bidhaa zake ndani. Alipodai, akajibiwa kwamba mkataba haukufuata utaratibu wa kisheria wa mikataba ya serikali, kwa hiyo hakuna mkataba. Mahakama ya Juu ya India ikakubali kwamba mkataba haukuwepo. Na bado ikaamua mkandarasi alipwe. Kwa nini? Kwa sababu serikali ilikuwa na uhuru wa kuyakataa mabanda yale, ikayapokea na kuyatumia.

Mmeona? Utetezi wa "hakuna mkataba" haukuisaidia hata serikali. Basi na mwenye nyumba wa Goba naye akikuambia hivyo usitetemeke. Hapo dai lako linaanza, haliishi.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, maana najua mnachotaka kusikia. Kiasi gani? Nani anapanga?

Nitawasimulia kesi moja niliyomwandaa mdai wake. Nimebadilisha vitu vidogo asitambulike. Fundi wa marumaru aliitwa kwenye nyumba mpya Kinyerezi. Mwenye nyumba alishanunua marumaru zake. Akamwambia fundi: "Wageni wangu wanakuja mwisho wa mwezi, anza tu, hatutashindwana." Fundi akaanza, yeye na kibarua mmoja. Saruji ilipokosekana alinunua mwenyewe mifuko 14, akakodi kirikuu kuileta. Katikati ya kazi akatumiwa shilingi 150,000 kwa simu, "pesa ya kula". Siku ya tisa akamaliza. Mwenye nyumba akasema atamwongezea 300,000 waachane. Fundi akasema anataka 1,500,000.

Nani alikuwa sahihi? Wote wawili walikuwa wamekosea, na kila mmoja alikosea kwa namna inayotufundisha jambo.

Nilimuuliza fundi: hiyo milioni na nusu umeipataje? Akaniambia: "Mheshimiwa, ile nyumba anaipangisha kwa dola." Nikamwambia, kaka yangu, mahakama haipimi utajiri wa mwenye nyumba. Haipimi faida atakayoipata kesho. Inapima kazi hii ingelipwa kiasi gani kwa fundi wa kiwango chako, mahali hapa, wakati huu. Hiyo ndiyo bei ya haki, na huithibitishi kwa kupandisha sauti.

Mwenye nyumba naye alihesabu kwa siku. Akasema: fundi siku tisa kwa 35,000 ni 315,000, kibarua siku tisa kwa 20,000 ni 180,000, jumla 495,000. Amekwishapokea 150,000, namwongezea 300,000, ni 450,000, tofauti ndogo tu. Hesabu hiyo inavutia, sivyo? Lakini ina kasoro kwenye mzizi wake. Kila kazi ina kipimo chake cha desturi. Kibarua wa kuchimba msingi analipwa kwa siku. Marumaru mnazilipaje hapa Dar es Salaam? Naam, kwa mita ya mraba. Basi kipimo cha haki ni mita ya mraba, kwa sababu ndicho kipimo ambacho watu wawili wenye nia njema wangekitumia kama wangekaa kupatana siku ya kwanza. Hesabu ya siku inafaa kuhakiki tu: mita 84 kwa siku tisa ni kama mita tisa kwa siku, mwendo wa fundi anayefanya kazi, si wa mtu aliyevuta siku.

Nimezitaja mita 84. Tulizijuaje? Mwenye nyumba alikuwa amefunga geti. Hapo ndipo risiti ilipotusaidia. Marumaru zilikuwa za sentimita 60 kwa 60, boksi moja lina vipande vinne, yaani mita 1.44 za mraba. Fundi alikuwa ameipiga picha risiti ya mwenye nyumba siku marumaru zilipoletwa: maboksi 62. Ukizidisha unapata mita 89 na kidogo. Toa vipande vya kukata pembeni na vilivyovunjika, unabaki karibu na zile 84 ambazo fundi alikuwa ameziandika kwenye daftari lake, chumba kwa chumba: sebule 28, vyumba vitatu 12 kila kimoja, korido 9, jiko 11. Daftari peke yake lingeweza kubishiwa. Daftari linalokubaliana na risiti ya mpinzani wako ni vigumu kulibishia.

Bei ya mita tuliithibitisha kwa mafundi watatu wa eneo lile lile. Mmoja alisema anatoza 7,000, mmoja 8,000, mmoja 10,000. Msidhani hakimu alichukua tu ya katikati. Aliwauliza kila mmoja bei yake inajumuisha nini. Wa 7,000 alikuwa hahesabu skatingi. Wa 10,000 alikuwa anazungumzia kuta za bafu. Wa 8,000 alikuwa anazungumzia sakafu pamoja na skatingi, na hiyo ndiyo kazi iliyofanyika. Kwa hiyo mita 84 kwa 8,000 ni 672,000.

Juu yake mifuko 14 ya saruji kwa 16,000, ambayo ni 224,000, risiti zilikuwepo. Kirikuu 40,000, na dereva wake alikuja kutoa ushahidi. Tumefika 936,000.

Sasa jambo ambalo mafundi hawapendi kulisikia, nami nalisema kwa upendo. Jikoni kulikuwa na vipande kadhaa ambavyo ukivigonga vinalia mvungu, saruji haikushika chini. Fundi wangu alitaka tukae kimya. Nilikataa. Unadai thamani ya kazi uliyoifanya, na kazi yenye kasoro ina thamani pungufu. Tukakubali mbele ya hakimu kwamba kung'oa na kurudishia ni 60,000. Zikabaki 876,000. Ukitoa 150,000 alizokwishapokea, deni ni 726,000. Hicho ndicho kiasi mahakama ilichoamuru, na naamini kabisa kwamba kukiri ile kasoro ndiko kulikomfanya hakimu ayaamini maneno yake mengine yote.

Bado sijawaambia tulivyovuka lile jambo la pili, la nia ya kulipwa. Kabla ya kwenda mahakamani fundi alipeleka malalamiko ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenye nyumba aliitwa, akaja, akasema mbele ya mwenyekiti na wajumbe: "Mimi sijakataa kumlipa, ila anataka pesa nyingi." Maneno hayo yakaandikwa. Ndugu zangu, mtu akisema pesa ni nyingi amekwishakiri kwamba kazi haikuwa ya bure. Kilichobaki ni hesabu. Na ule muamala wa 150,000 kwenye simu ulisema hivyo hivyo, kwa hiyo meseji za pesa msizifute.

Nimesema sana upande wa haki. Je, kuna wakati dai hili linakataliwa? Upo, na nitataja mahali pale ninapowaona mafundi wakianguka mara nyingi.

La kwanza, kama bei ilitajwa mkakubaliana, bei hiyo ndiyo yenu. Ulikubali geti kwa 400,000, ukaja kugundua chuma kimepanda na majirani wanatoza 700,000. Huwezi kusema sasa nilipwe ninavyostahili. Kadiri unavyostahili ulishaitaja mwenyewe. Ila mwenye nyumba akikuambia katikati ya kazi, "niongezee na banda la mlinzi pale nyuma," na bei ya banda hamkuitaja, geti linabaki kwa 400,000 na banda linapimwa kwa bei ya haki. Nyongeza za namna hii ndizo zinazowaliza wengi wenu, maana mnazifanya mkidhani zitajumlishwa zenyewe.

La pili ni kuacha kazi njiani. Uingereza mwaka 1898 kulikuwa na kesi ya Sumpter na Hedges. Mjenzi alikubali kujenga nyumba mbili na banda la farasi kwa pauni 565. Alipofika kazi ya kama pauni 333 akaishiwa pesa, akaondoka. Mwenye kiwanja akamalizia mwenyewe. Mjenzi akadai thamani ya alichokijenga. Mahakama ikamnyima. Kwa nini, wakati kuta zilikuwa zimesimama na mwenye kiwanja anazitumia? Kumbukeni vijana wa mataa. Mwenye kiwanja hakuwa na uchaguzi. Ukuta uko juu ya ardhi yake, angeufanya nini, aubomoe? Lakini matofali na mbao ambazo mjenzi aliziacha chini, mwenye kiwanja akaamua kuzitumia, hizo alilipishwa, kwa sababu hizo angeweza kumwambia njoo uchukue vitu vyako.

Je, wewe uliyefukuzwa saiti ukiwa na nia ya kumaliza? Hiyo ni habari nyingine kabisa. Aliyekuzuia ndiye aliyevunja, na thamani ya ulichofanya unaidai. Kwa hiyo ukifungiwa geti, siku hiyo hiyo mtumie ujumbe: niko tayari kuendelea, nifungulie. Usipoutuma, miezi mitatu baadaye atasema ulitoroka, na utakuwa unabishana kwa mdomo mtupu.

La tatu ni namna ya kufungua dai, na hili linaniuma kwa sababu haki nyingi hupotelea hapo. Fundi anafika mahakama ya mwanzo anasema: "Tulikubaliana milioni moja." Hawakukubaliana. Anadhani bila kusema hivyo hatasikilizwa. Mwenye nyumba anakana, shahidi hakuna, na kwa kuwa anayedai ndiye anayethibitisha, dai linakufa, wakati kazi imesimama pale na inaonekana kwa macho. Semeni ukweli ulivyo: aliniita, nilifanya, anaitumia, bei hatukutaja, naomba nilipwe thamani ya haki ya kazi niliyoifanya, na thamani hiyo ni hii, hesabu yake ni hii. Kama unaamini bei ilitajwa lakini una wasiwasi na ushahidi wako, dai ile bei, na useme pia kwamba ikionekana hatukukubaliana, basi naomba thamani ya haki. Yote mawili yanaingia kwenye dai moja. Mahakama zetu zinakusikiliza kwa Kiswahili, huna haja ya kulitamka lile neno la Kilatini.

Na muda. Madai ya namna hii yana miaka sita. Ni mirefu, lakini fundi shahidi anahama, kibarua anarudi kwao Singida, nyumba inapigwa rangi upya. Kesi ya Kinyerezi ilifunguliwa ndani ya miezi miwili, na kibarua alikuwa bado anapanga Tabata. Ingengoja mwaka tungempata wapi?

Wale wenye kazi ambazo hazijalipwa, nitakaa kwenye meza ile ya mlangoni mpaka giza liingie. Njooni na daftari la vipimo, risiti za mlivyonunua kwa pesa yenu, na simu yenye zile meseji. Mzee wangu uliyekaa mbele hapo na ile kazi ya kisima cha Chanika, tuanze na wewe.